Ukuaji Unapotulia: Kukadiria Thamani ya Hisa kwa Vipindi Viwili vya Gawio

Hisa ni haki ya kumiliki sehemu ya kampuni, na kwa mwanahisa anayeishika bila nia ya kuiuza, fedha pekee zinazotoka katika kampuni na kumfikia ni gawio, yaani ile sehemu ya faida ambayo mkutano mkuu wa wanahisa huidhinisha igawanywe. Hata anayekusudia kuiuza baada ya miaka michache hajatoka nje ya kanuni hiyo, kwa kuwa atakayeinunua kwake atakuwa ananunua magawio ya miaka itakayofuata, na mnunuzi wa tatu vivyo hivyo. Kwa hoja hiyo, Mmarekani John Burr Williams, katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Harvard iliyochapishwa kuwa kitabu mwaka 1938, alishikilia kwamba thamani ya hisa ni jumla ya magawio yote yatakayolipwa, kila moja likiwa limepunguzwa hadi thamani yake ya leo.

Neno kupunguza lina maana mahususi hapa. Mwekezaji anayedai mapato ya asilimia 17 kwa mwaka ili akubali kuweka fedha zake katika hisa fulani huziona shilingi 117 za mwaka ujao kuwa sawa na shilingi 100 za leo, kwa sababu shilingi 100 za leo zikizaa asilimia 17 zitakuwa 117 mwakani. Kwa hiyo gawio la mwaka ujao hugawanywa kwa 1.17, la mwaka wa pili hugawanywa kwa 1.17 mara mbili, la mwaka wa tatu mara tatu, na kuendelea. Asilimia hiyo 17 ndiyo huitwa kiwango cha mapato yanayodaiwa, nacho hupatikana kwa kuanza na riba ya hatifungani za serikali za muda mrefu, kisha kuongeza fidia ya hatari, kwa kuwa serikali imeahidi kulipa riba ya hatifungani zake ilhali hakuna kampuni iliyoahidi gawio. Katika mfano utakaofuatwa katika mazungumzo haya, inachukuliwa kwamba riba hiyo ni asilimia 12 na fidia ya hatari ni asilimia 5.

Ugumu wa kanuni ya Williams ni kwamba magawio hayana mwisho, na hakuna mchambuzi anayeweza kuyaandika yote. Njia fupi iliyokuja kuzoeleka, ambayo huhusishwa na jina la mwanauchumi Myron Gordon kutokana na maandishi yake ya miaka ya 1950 na 1960, ni kuchukulia kwamba gawio litakua kwa kiwango kimoja milele, na hapo hesabu nzima hufupika kuwa mgawanyo mmoja: gawio la mwaka ujao hugawanywa kwa tofauti iliyopo kati ya mapato yanayodaiwa na kiwango cha ukuaji. Kampuni itakayolipa shilingi 107 mwakani, ikikua kwa asilimia 7 daima, kwa mwekezaji anayedai asilimia 17, ina hisa yenye thamani ya 107 kugawanywa kwa 0.10, ambayo ni shilingi 1,070.

Njia hiyo huvunjika mara inapokutana na kampuni changa inayokua kwa kasi. Ikiwa gawio la jana lilikuwa shilingi 100 na ukuaji ni asilimia 20, basi la mwakani ni 120, na tofauti ya asilimia 17 na asilimia 20 ni hasi, kwa hiyo mgawanyo huleta thamani ya shilingi 4,000 chini ya sifuri, jibu lisilo na maana yoyote. Kosa haliko katika hesabu. Liko katika dhana iliyoingizwa ndani yake, kwamba kampuni inaweza kukua milele kwa kasi inayozidi mapato yanayodaiwa na wawekezaji. Kampuni ya namna hiyo ingeishia kuwa kubwa kuliko uchumi wa nchi yake, jambo lisilowezekana. Ukuaji wa kasi hutokana na nafasi fulani: soko ambalo halijajaa, leseni ambayo wengine hawana, teknolojia ambayo washindani hawajaifikia. Nafasi hiyo huvuta washindani, na washindani huibana faida.

Hapo ndipo hesabu ya vipindi viwili inapoingia. Maisha ya kampuni hugawanywa katika sehemu mbili: kipindi cha kwanza chenye idadi maalumu ya miaka, ambamo gawio hukua kwa kasi na kila mwaka huandikwa peke yake, na kipindi cha pili kisicho na mwisho, ambamo ukuaji umetulia na kanuni ya Gordon inaweza kutumika bila kuvunjika. Thamani ya hisa ni jumla ya sehemu hizo mbili, na kinachohitaji uangalifu kuliko vyote ni kiungo kinachoziunganisha.

Ichukuliwe kampuni ya mfano, isiyo kampuni yoyote halisi, ambayo hisa zake zinauzwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam kwa bei ya shilingi 3,850. Katika mwaka uliokwisha, faida kwa kila hisa, yaani faida halisi baada ya kodi iliyogawanywa kwa idadi ya hisa, ilikuwa shilingi 500, na katika hizo kampuni iligawa 100 na kubakiza 400 kwa ajili ya kujipanua. Mtaji wa wanahisa ulikuwa ukizaa faida ya asilimia 25 kwa mwaka. Takwimu hizo tatu hazikai mbalimbali, kwani ukuaji unaotokana na fedha za kampuni yenyewe ni zao la sehemu ya faida inayobakizwa na kiwango cha faida ambacho mtaji huo huzaa: asilimia 80 ya faida imebakizwa, ikazaa asilimia 25, na 0.80 mara 0.25 ni asilimia 20 ya ukuaji. Mchambuzi anakadiria kwamba hali hiyo itadumu miaka 5, kisha ukuaji utashuka hadi asilimia 7 na kubaki hapo.

Hesabu ya kipindi cha kwanza ni nyepesi, na msikilizaji mwenye kalamu na karatasi anaweza kuifuata. Magawio ya miaka mitano yatakuwa shilingi 120, 144, 172.80, 207.36 na 248.83. Yakipunguzwa kwa asilimia 17 kwa mwaka, thamani zake za leo, kwa kukadiria hadi shilingi nzima, ni 103, 105, 108, 111 na 113, na jumla yake ni shilingi 540. Msikilizaji atagundua kwamba thamani hizo zinapanda badala ya kushuka kadiri miaka inavyosonga mbele, na sababu ni kwamba gawio linakua kwa asilimia 20 wakati punguzo ni asilimia 17 tu. Hiyo ndiyo hali ambayo kanuni ya Gordon haikuweza kuibeba, lakini ikifungiwa ndani ya miaka mitano haileti taabu yoyote.

Kipindi cha pili huanza na gawio la mwaka wa sita. Wengi hulipata kwa kuchukua gawio la mwaka wa tano, shilingi 248.83, na kuliongeza kwa asilimia 7, wakapata 266.25. Wanaligawanya kwa tofauti ya asilimia 17 na 7, yaani 0.10, na kupata shilingi 2,662.50, ambayo ni thamani ya magawio yote kuanzia mwaka wa sita, ikitazamwa na mtu aliyesimama mwishoni mwa mwaka wa tano. Thamani hiyo inapaswa kurudishwa hadi leo kwa kuipunguza miaka mitano, na hapo huwa shilingi 1,214. Ikijumlishwa na 540 za kipindi cha kwanza, hisa inakuwa na thamani ya shilingi 1,754, na mchambuzi anahitimisha kwamba bei ya soko ya 3,850 imezidi thamani ya hisa zaidi ya mara mbili, hivyo hisa isinunuliwe.

Kila mstari wa hesabu hiyo ni sahihi, na hitimisho lake si sahihi. Mchambuzi ameshusha ukuaji kutoka asilimia 20 hadi 7, lakini ameiacha kampuni iendelee kugawa asilimia 20 tu ya faida yake na kubakiza asilimia 80, kama ilivyokuwa ikifanya enzi za ukuaji wa kasi. Kampuni inayobakiza asilimia 80 ya faida na bado inakua kwa asilimia 7 tu ni kampuni ambayo mtaji wake mpya unazaa asilimia 8.75, kwa sababu 7 ikigawanywa kwa 0.80 ndilo jibu lake. Kwa maneno mengine, hesabu hiyo imesema bila kutamka kwamba menejimenti, kuanzia mwaka wa sita hadi milele, itachukua fedha za wanahisa wanaodai asilimia 17 na kuziweka katika miradi inayozaa chini ya asilimia 9. Zipo kampuni zinazofanya hivyo, na mchambuzi akiamini kwamba hii ni mojawapo ana haki ya kuandika 1,754. Lakini ni lazima awe ameliamua jambo hilo kwa makusudi, lisijipenyeze lenyewe kwa kuwa alisahau kubadili namba moja.

Njia iliyo sawa ni kuanza na faida badala ya gawio. Faida kwa kila hisa, ambayo leo ni shilingi 500, ikikua kwa asilimia 20 kwa miaka mitano itafika shilingi 1,244, na katika mwaka wa sita, kwa ukuaji wa asilimia 7, itakuwa 1,331. Hapo mchambuzi hujiuliza mtaji utazaa faida gani baada ya ushindani kuingia. Akikadiria kwamba kiwango cha faida juu ya mtaji wa wanahisa kitashuka kutoka asilimia 25 hadi 20, basi ukuaji wa asilimia 7 unahitaji kubakiza asilimia 35 tu ya faida, kwa kuwa 7 ikigawanywa kwa 20 ni 0.35, na asilimia 65 iliyosalia haina kazi ndani ya kampuni, hivyo itagawanywa. Gawio la mwaka wa sita halitakuwa tena shilingi 266, bali asilimia 65 ya 1,331, ambayo ni shilingi 865.

Kuanzia hapo hatua ni zilezile. Shilingi 865 na senti zake zikigawanywa kwa 0.10 zinatoa takribani 8,653 mwishoni mwa mwaka wa tano. Zikipunguzwa miaka mitano zinakuwa 3,947 za leo. Zikijumlishwa na 540, thamani ya hisa ni karibu shilingi 4,487. Hisa ileile, kwa ukuaji uleule katika vipindi vyote viwili na kwa kiwango kilekile cha punguzo, imetoka 1,754 hadi 4,487, na bei ya soko iliyoonekana ghali kupita kiasi sasa inaonekana iko chini ya thamani. Tofauti yote imetokana na kuipa kampuni iliyokomaa ugawaji unaolingana na ukomavu wake.

Mchambuzi mwangalifu zaidi anaweza kukataa hata ile asilimia 20, akisema kwamba hakuna sababu ya kuamini kuwa kampuni itaendelea milele kupata faida inayozidi kile ambacho wawekezaji wanadai, kwani ushindani hauchoki. Akiweka kiwango cha faida kuwa asilimia 17, sawasawa na mapato yanayodaiwa, kampuni italazimika kubakiza kama asilimia 41 ya faida na kugawa 59, na thamani ya hisa itakuwa karibu shilingi 4,112. Dhana hiyo ina sifa moja inayofaa kukumbukwa: mtaji mpya unapozaa kile hasa ambacho wenye mtaji wanadai, ukuaji wa kipindi cha pili hauongezi thamani yoyote, kwa sababu kila shilingi iliyobakizwa inarudisha shilingi moja ya thamani na si zaidi. Thamani ya mwishoni mwa mwaka wa tano huwa ni faida ya mwaka wa sita iliyogawanywa kwa 0.17, bila kujali imegawiwa kiasi gani. Kwa hiyo 4,112 ni kipimo cha mtu asiyeipa kampuni iliyokomaa sifa yoyote ya pekee, na 4,487 ni kipimo cha anayeamini kwamba sehemu ya nafasi yake ya awali itadumu.

Katika thamani hiyo ya 4,487, kipindi cha pili kinabeba asilimia 88, na magawio ya miaka mitano ya mwanzo, ambayo ndiyo mara nyingi hujadiliwa kwa kirefu katika ripoti za madalali wa hisa, yanabeba asilimia 12 tu. Hii haimaanishi kwamba kipindi cha kwanza hakina uzito, bali kazi yake ni tofauti na inavyodhaniwa: hakitoi fedha nyingi, kinaipandisha faida hadi ngazi ambayo kipindi cha pili kitaanzia. Ukuaji wa miaka mitano ukiwa asilimia 18 badala ya 20, thamani hushuka kutoka 4,487 hadi kama 4,142, na sehemu kubwa ya upungufu huo inatokana na faida ya mwaka wa sita kuanzia chini zaidi, wala si magawio ya njiani kupungua.

Mapato yanayodaiwa nayo yana nguvu ya namna hiyo. Yakipanda kutoka asilimia 17 hadi 18, thamani hushuka hadi karibu 3,965, yaani pungufu kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, kwa sababu pointi moja hiyo hufanya kazi mara mbili: huongeza punguzo la kila mwaka, na hupanua ile tofauti ya mapato na ukuaji inayotumika kugawanya katika kipindi cha pili. Mchambuzi anayetafuta kiwango hicho kwa kupima jinsi bei ya hisa inavyopanda na kushuka pamoja na soko zima anahitaji tahadhari katika masoko madogo, kwa kuwa hisa ambayo hukaa siku kadhaa bila kuuzwa huonekana tulivu, na utulivu huo ni wa kukosa wanunuzi na wauzaji, si wa kukosa hatari. Kipimo kinachotokana nao kitashusha mapato yanayodaiwa na kuivimbisha thamani.

Ukuaji wa kipindi cha pili ndio huogopwa zaidi, na kwa haki, kwa kuwa kila pointi inayoongezwa huinyima hesabu sehemu ya kigawanyo. Hata hivyo hofu hiyo hupungua sana ugawaji unapobadilika pamoja na ukuaji. Mchambuzi akipandisha ukuaji kutoka asilimia 7 hadi 8 huku akiacha ugawaji kwenye asilimia 65, thamani hupanda hadi karibu 4,966, ongezeko la takribani asilimia 11. Lakini kama mtaji bado unazaa asilimia 20, ukuaji wa asilimia 8 unadai kubakiza asilimia 40 na kugawa 60, na hapo thamani hufika 4,626 tu, ongezeko la asilimia 3. Ukuaji una gharama yake, na hesabu inayouongeza bila kulipia gharama hiyo inaipa kampuni fedha zisizotoka popote.

Kuhusu kikomo cha ukuaji huo, kipimo kinachotumika ni uchumi wa nchi ambamo kampuni inafanya biashara, ukihesabiwa kwa shilingi za kila mwaka pamoja na mfumuko wa bei. Katika nchi ambayo uzalishaji halisi hukua kwa asilimia 5 au 6 na bei hupanda kwa asilimia 3 au 4, uchumi kwa shilingi hukua kwa karibu asilimia 9, hivyo asilimia 7 kwa kampuni iliyokomaa inabaki chini ya kikomo, na asilimia 12 ingekivuka. Jambo linaloandamana na hilo ni kwamba ukuaji na punguzo vinapaswa kupimwa kwa fedha moja. Anayechukua mapato yanayodaiwa kwa dola, ambayo huwa madogo kwa kuwa mfumuko wa bei wa dola ni mdogo, akayaweka pamoja na ukuaji wa magawio kwa shilingi, atakibana kigawanyo kutoka pande zote mbili na kupata thamani kubwa isiyo ya kweli.

Yapo pia makosa ya kimahesabu yanayojirudia katika kiungo cha vipindi viwili. La kwanza ni kuipunguza thamani ya kipindi cha pili kwa miaka sita badala ya mitano, kwa sababu gawio lililotumika ni la mwaka wa sita. Kanuni ya Gordon hutoa thamani ya mwaka mmoja kabla ya gawio lake la kwanza, kwa hiyo gawio la mwaka wa sita linatoa thamani ya mwishoni mwa mwaka wa tano; kuongeza mwaka mmoja wa punguzo katika mfano huu kunapoteza takribani shilingi 574. La pili ni kinyume chake, kusahau kupunguza kabisa na kujumlisha 8,653 na 540 kana kwamba zote ni fedha za leo. Njia rahisi ya kuyagundua makosa hayo ni kufanya hesabu ya majaribio ambamo ukuaji na ugawaji wa vipindi vyote viwili vinafanana: gawio la shilingi 100 likikua kwa asilimia 7 tangu mwanzo, jumla ya vipindi viwili ni lazima itoke 1,070, sawasawa na kanuni ya kipindi kimoja, na ikitoka namba nyingine kiungo kimefungwa vibaya.

Kushuka kwa ghafla kutoka asilimia 20 hadi 7, na kupanda kwa ghafla kwa ugawaji kutoka asilimia 20 hadi 65, si picha ya maisha ya kampuni nyingi, ambazo ukuaji wake hupungua pole pole kadiri soko linavyojaa. Russell Fuller na Chi-Cheng Hsia walipendekeza mwaka 1984 hesabu ambamo ukuaji hushuka kwa mstari ulionyooka kutoka kasi ya juu hadi ya kawaida, na wachambuzi wengine huingiza kipindi cha kati baina ya hivi viwili. Marekebisho hayo yanafaa pale ambapo kushuka kutachukua miaka mingi, lakini hayaondoi wajibu wa kuulinganisha ukuaji na ugawaji; hesabu ya Fuller na Hsia yenyewe huacha ugawaji palepale ilhali ukuaji unashuka, kwa hiyo huangukia kosa lilelile lililotoa 1,754.

Iko mipaka ambayo hakuna urekebishaji wa hesabu unaoivuka. Kampuni inayogawa zaidi ya inavyoweza, kwa kukopa au kwa kula akiba, huonekana ya thamani kuliko ilivyo, na ile inayolimbikiza fedha benki bila kuzigawa huonekana duni. Kwa benki na kampuni za bima, uamuzi wa kulipa gawio hauko mikononi mwa bodi peke yake: Machi 2020, janga la Korona lilipoanza, Benki Kuu ya Uganda iliziagiza taasisi za fedha ziahirishe malipo ya magawio ili zilinde mitaji yao, na Benki Kuu ya Ulaya ikatoa wito wa namna hiyo kwa benki ilizokuwa ikizisimamia. Mwanahisa aliyeandika gawio la mwaka huo katika jedwali lake hakulipata kwa wakati aliouandika, ingawa faida ilikuwa imepatikana.

Kwa kuwa dhana ni nyingi na kila moja inaweza kubishaniwa, matumizi yenye faida zaidi ya hesabu hii ni kuigeuza: badala ya kutafuta thamani kisha kuilinganisha na bei, mwekezaji huichukua bei kama jibu na kutafuta dhana zinazolizaa. Bei ya 3,850 katika mfano huu inaweza kupatikana kwa njia mbili. Kama miaka mitano ya ukuaji wa asilimia 20 inakubaliwa, basi soko linachukulia kwamba baada yake mtaji wa kampuni utazaa asilimia 15 na ushei, chini kidogo ya yale ambayo wanahisa wanadai. Kama asilimia 20 ya kipindi cha pili inakubaliwa, basi soko linaipa kampuni takribani miaka miwili tu ya ukuaji wa kasi, kwa kuwa hesabu ya miaka miwili hutoa 3,866.

Kauli hizo mbili zinaweza kuchunguzwa, tofauti na neno ghali au rahisi. Ya kwanza huchunguzwa katika taarifa za fedha za miaka kadhaa, kwa kugawanya faida ya kila mwaka kwa mtaji wa wanahisa na kutazama kama kiwango hicho kimeanza kushuka, na kwa kuangalia kampuni kongwe za sekta hiyo zimetulia kwenye kiwango gani. Ya pili huchunguzwa nje ya vitabu vya hesabu: ni wateja wangapi bado hawajafikiwa, ni washindani gani wamepewa leseni, na kama bodi imeanza kuongeza sehemu ya faida inayogawiwa, dalili ya kwanza kwamba miradi ya kuzitumia fedha hizo ndani ya kampuni inaanza kuadimika. Mwekezaji ambaye uchunguzi wake umemwonyesha kwamba soko limekosea katika mojawapo ya mambo hayo mawili ana sababu ya kununua, na ambaye haukumwonyesha hivyo, namba 4,487 iliyo katika karatasi yake haimpi sababu hiyo.